Nilimwambia achukue mkopo wa asilimia 12

Mdogo wangu alinipigia saa tatu usiku, na kabla sijamaliza salamu akaniuliza swali moja: "Kaka, nusu ya deni ni nusu kweli?"

Alikuwa amekopa 1,200,000 kuongeza cherehani mbili. Mkopo wa mwaka mmoja, marejesho 12 ya 112,000 kila mwezi. Alikuwa ameshalipa sita bila kuchelewa hata siku moja, halafu akapata kazi kubwa ya sare, mteja akamlipa taslimu. Akaona afute deni apumue. Akaenda kuuliza amebakiza kiasi gani.

Akaambiwa 672,000.

"Nimelipa miezi sita, mkopo ni wa miezi kumi na mbili, ninataka kuwarudishia hela yao nusu mwaka kabla ya wakati," akasema. "Halafu wananidai marejesho sita yaleyale, hayajapungua hata senti. Sasa kulipa mapema kuna faida gani?"

Nikamwambia lazima wamekosea hesabu. Nikamwambia asubiri, nitaipiga mwenyewe.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Hesabu niliipiga usiku uleule, na hawakuwa wamekosea. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mkopo ule nilimchagulia mimi.

## Karatasi mbili mezani

Miezi sita nyuma alikuja na karatasi mbili. (Sarafu sitaitaja, weka unayotumia wewe, hesabu haibadiliki.) Mkopeshaji wa kwanza alikuwa ameandika riba asilimia 12 kwa mwaka. Wa pili, asilimia 18 kwa mwaka. Kiasi kilekile, muda uleule.

Nilizitazama kwa muda ambao mtu hutumia kutazama saa ukutani. Kumi na mbili ni ndogo kuliko kumi na nane. "Chukua hii," nikasema, nikarudi kwenye chai yangu.

Wala hakuna aliyenidanganya. Kwenye karatasi ya kwanza, chini ya ile namba 12, kulikuwa na maneno mawili matatu yanayosema riba inatozwa kwenye kiasi cha awali cha mkopo. Kwenye ya pili, chini ya 18, yaliandikwa kwamba riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Niliyaona. Nikayachukulia kama yale maandishi ya pembeni mwa kopo la rangi ambayo hakuna mtu anayeyasoma.

Na hesabu yote ilikuwa humo kwenye maneno hayo.

## Asilimia ya nini?

Mtu akikwambia "asilimia 12" hajamaliza sentensi. Asilimia ni sehemu ya kitu, na bila kukitaja kitu chenyewe namba inaning'inia hewani.

Tuanze na karatasi ya kwanza. Hii wengine huiita riba ya moja kwa moja, wengine flati. Unachukua mkopo wote, 1,200,000, unauzidisha kwa asilimia 12, unapata 144,000. Unajumlisha: 1,344,000. Unagawa kwa miezi 12: 112,000. Basi. Mtoto wa darasa la sita anaimaliza kabla kengele haijalia, na nadhani ndiyo sababu tunaipenda. Inaeleweka haraka, kwa hiyo inaonekana ya haki.

Sasa ifungue hiyo 112,000 uone kilichomo. Ndani yake kuna 100,000 ya kurudisha deni lenyewe na 12,000 ya riba. Kila mwezi hivyohivyo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Mwezi wa kwanza mdogo wangu ameshika 1,200,000 ya watu na anailipia riba ya 12,000. Hiyo ni asilimia 1 kwa mwezi, hakuna ubishi.

Mwezi wa kumi na mbili ameshika 100,000 tu, maana nyingine zote amesharudisha. Riba anayolipa mwezi huo? 12,000.

Elfu kumi na mbili juu ya laki moja, kwa mwezi mmoja.

Hiyo ni asilimia 12 kwa mwezi, si kwa mwaka. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Riba ya flati inakutoza kodi ya nyumba nzima hata baada ya kuhama chumba kimoja kimoja, ukabaki unalala kwenye kibaraza.

Kuna njia ya haraka ya kukisia riba halisi ya mkopo wa namna hii. Chukua deni alilokuwa nalo kila mwezi: 1,200,000, kisha 1,100,000, kisha 1,000,000, hadi 100,000. Wastani wake ni 650,000. Yaani kwa mwaka ule mdogo wangu hakuwa na 1,200,000 mfukoni. Kwa wastani alikuwa na 650,000 tu, na akailipia riba ya 144,000. Gawanya: inakaribia asilimia 22.

Hayo ni makisio. Jibu kamili nitalileta, lakini tayari unaona kwamba ile 12 ilikuwa inakaribia mara mbili yake.

## Karatasi niliyoikataa

Riba ya salio linalopungua inauliza swali jingine kila mwezi: leo unadaiwa kiasi gani? Riba inatozwa kwenye jibu la leo, si kwenye kile ulichokopa zamani.

Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza deni ni 1,200,000, kwa hiyo riba ni 18,000. Hapo ndipo watu wengi wanakimbia, kwa sababu 18,000 ni kubwa kuliko 12,000 ya karatasi ya kwanza. Usikimbie, endelea kushuka chini.

Rejesho la kila mwezi kwenye mkopo huu ni 110,016. Namba hii haipatikani kwa kugawa tu, maana lazima iwe sawa miezi yote huku riba ndani yake ikipungua na deni likiisha mwezi wa 12 barabara. Kuna fomula yake, na programu yoyote ya majedwali ya kompyuta au simu inaijua tayari:

```
=PMT(0.18/12, 12, -1200000)
```

Itakujibu 110,015.99. Nimeizungusha hadi 110,016 ili tusihangaike na senti.

Sasa shika kikokotoo, maana hapa sitaki uniamini. Kila mstari una hatua tatu tu. Zidisha salio kwa 0.015, hiyo ni riba. Toa riba kwenye 110,016, kinachobaki ndicho kinachopunguza deni. Kitoe kwenye salio, unapata salio jipya. Rudia.

| Mwezi | Riba | Inayopunguza deni | Salio |
|---|---|---|---|
| 1 | 18,000 | 92,016 | 1,107,984 |
| 2 | 16,620 | 93,396 | 1,014,588 |
| 3 | 15,219 | 94,797 | 919,791 |
| 4 | 13,797 | 96,219 | 823,572 |
| 5 | 12,354 | 97,662 | 725,910 |
| 6 | 10,889 | 99,127 | 626,783 |
| 7 | 9,402 | 100,614 | 526,169 |
| 8 | 7,893 | 102,123 | 424,046 |
| 9 | 6,361 | 103,655 | 320,391 |
| 10 | 4,806 | 105,210 | 215,181 |
| 11 | 3,228 | 106,788 | 108,393 |
| 12 | 1,626 | 108,390 | 3 |

Ile 3 iliyobaki mwishoni ni takataka za kuzungusha senti. Inaongezwa kwenye rejesho la mwisho, na deni linakuwa sifuri. Jedwali lolote la marejesho ambalo haliishii sifuri, au karibu yake kabisa, lina kasoro mahali fulani. Ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama siku hizi, kabla hata ya riba yenyewe.

Jumlisha safu ya riba: 120,195.

Karatasi ya asilimia 12 ilikuwa 144,000.

Asilimia 18 ilikuwa nafuu kwa 23,805. Na mimi ndiye niliyesema "chukua hii" bila kunyanyua macho kwenye kikombe.

## "Wanakula riba kwanza"

Nilipompelekea jedwali hili, mdogo wangu hakuanza na lile nililotaka alione. Alianza na safu ya riba. "Mbona hata hawa mwanzoni wanachukua nyingi? 18,000 mwezi wa kwanza, 1,626 mwezi wa mwisho. Wanakula riba yao kwanza, ndiyo wakuachie upunguze deni."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na kwa miaka niliiamini. Jedwali ndilo lililonitoa. Hakuna mtu anayepanga riba itangulie. Mwezi wa kwanza riba ni kubwa kwa sababu mwezi wa kwanza deni ni kubwa, na mwezi wa mwisho ni ndogo kwa sababu deni limekaribia kwisha. Ukigawa riba ya mstari wowote kwa salio la mstari uliotangulia, unapata 0.015 ileile. Jaribu mwezi wa tisa: 6,361 gawa kwa 424,046. Jaribu mwezi wa pili. Bei ya pesa haikubadilika hata mwezi mmoja. Kilichobadilika ni kiasi ulichokuwa umekishika.

Kwenye flati mambo yamegeuka. Kiasi cha riba hakibadiliki, kwa hiyo bei ya pesa ndiyo inayopanda kila mwezi, kutoka asilimia 1 hadi 12, huku safu ya riba ikionekana imetulia kama maji ya mtungini.

Alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo ile inayobadilika ndiyo iliyotulia."

Sikuwa na jibu zuri kuliko hilo.

## Kuzilinganisha kwa kipimo kimoja

Bado kulikuwa na kitu kinanisumbua. Kusema mkopo mmoja una riba ya 144,000 na mwingine 120,195 kunatosha kama kiasi na muda vinafanana. Je, kama havifanani? Nilitaka kuigeuza flati iseme lugha ya salio linalopungua, ili namba mbili zisimame kwenye mzani mmoja.

Swali linakuwa hivi: ni riba gani ya salio linalopungua ambayo, ukilipa 112,000 kila mwezi, inamaliza deni la 1,200,000 mwezi wa 12 barabara?

Usiku ule niliitafuta kwa kubahatisha, kwa mkono. Nilianza na asilimia 1.5 kwa mwezi. Nikashuka mistari yote 12 nikitoa 112,000 badala ya 110,016, na mwishoni nikawa nimelipa ziada ya kama 25,900. Maana yake riba halisi iko juu zaidi. Nikapanda hadi asilimia 2. Safari hii nikabaki na deni la kama 19,700. Nimepitiliza. Basi iko katikati, karibu zaidi na 2 kuliko na 1.5. Nikajaribu 1.8, nikakosa kidogo. Nilipoweka 1.788 salio likafika karibu na sifuri.

Asilimia 1.788 kwa mwezi, mara 12: takribani asilimia 21.5 kwa mwaka.

Asubuhi nikagundua kwamba kompyuta ingenifanyia kazi hiyo kwa kupepesa jicho:

```
=RATE(12, -112000, 1200000)*12
```

Sijutii kuipiga kwa mkono. Fomula ingenipa jibu, lakini ni ule mstari wa kumi na mbili uliokuwa ukipanda na kushuka chini ya sifuri ulionifanya nielewe kwamba "riba halisi" si jambo la kifalsafa. Ni namba moja tu inayofanya deni liishe siku linapopaswa kuisha.

Kwa hiyo karatasi mbili zilizokuwa mezani kwangu zilikuwa 21.5 na 18. Zikiandikwa hivyo, hata usingizini nisingekosea.

Angalizo dogo kwa wanaopenda kuhakiki hadi mwisho. Jedwali langu linachukulia kila mwezi ni sawa na mwenzake. Wakopeshaji wengi hutoza kwa siku: salio mara riba ya mwaka, gawa kwa 365, mara siku za mwezi. Mwezi wa siku 31 riba ya kwanza ingekuwa 18,345, na wa siku 28 ingekuwa 16,570. Ukiona tofauti za ukubwa huo kwenye jedwali lako, usiite polisi. Ukiona tofauti za maelfu zinazojirudia kila mwezi upande uleule, hapo uliza.

## Pesa ambayo hakuishika

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikamwomba anitumie picha ya mkataba wote, si ukurasa wa kwanza tu, nikakuta mstari wa ada ya kushughulikia mkopo: asilimia 3, inakatwa kabla pesa haijatoka.

Asilimia 3 ya 1,200,000 ni 36,000. Kumbe siku ile aliyopokea mkopo, kilichoingia mkononi mwake ni 1,164,000. Nilimuuliza kama anakumbuka. Anakumbuka, alifikiri ni gharama ya karatasi.

Ada ikilipwa mara moja inaonekana ndogo, lakini athari yake kwenye riba halisi ni kubwa, kwa sababu inapunguza pesa uliyopewa bila kupunguza rejesho hata kidogo. Kwenye fomula badilisha namba moja tu, weka kile kilichofika mkononi:

```
=RATE(12, -112000, 1164000)*12
```

Jibu: asilimia 27.4.

Ile 12 sasa imefika 27.4, na hakuna sentensi hata moja ya uongo kwenye mkataba. Ada hiyohiyo ingekuwa kwenye mkopo wa miaka mitano ingeuma kidogo zaidi ya kung'atwa na mbu, kwa kuwa ingesambaa kwenye miezi 60. Kwenye mkopo mfupi haina mahali pa kusambaa. Mkopo wa mwezi mmoja wenye ada ya asilimia 3 na "riba sifuri" ni mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi na ushee, hata kama neno riba halijaandikwa popote.

Yule mwenye asilimia 18 hakuwa na ada. Nilienda kuitafuta ile karatasi kwenye droo nikiomba iwe nayo, angalau nipunguze aibu. Haikuwa nayo.

## Turudi kwenye ile 672,000

Sasa swali lake la usiku ule lina jibu. Angekuwa na mkopo wa salio linalopungua, baada ya rejesho la sita angeangalia mstari wa sita kwenye jedwali: 626,783. Hiyo ndiyo angeipeleka, na riba ya miezi sita iliyobaki isingekuwepo kwa sababu haijatokea. Riba ya salio linalopungua huzaliwa mwezi kwa mwezi, na ukiliondoa deni hakuna cha kuizaa.

Kwenye mkataba wake riba ilizaliwa yote siku ya kwanza. 144,000 ilijumlishwa kwenye deni kabla wino haujakauka, na kifungu kimoja kilisema itadaiwa yote hata mkopaji akimaliza kabla ya muda. Kwa hiyo 672,000.

Si kila mkopo wa flati uko hivyo. Baadhi ya wakopeshaji hurudisha sehemu ya riba ukimaliza mapema, na njia moja ya zamani ya kuipata sehemu hiyo inaitwa kanuni ya 78. Unajumlisha namba 1 hadi 12, unapata 78. Riba ya mwezi wa kwanza inahesabiwa kuwa 12 kati ya 78, ya mwezi wa pili 11 kati ya 78, hivyo hadi ya mwisho, 1 kati ya 78. Mdogo wangu akiwa amebakiza miezi sita, sehemu ambayo haijafika ni 6+5+4+3+2+1, yaani 21 kati ya 78. Kwa 144,000 hiyo ni 38,769. Wangemtolea hiyo, angelipa 633,231. Kanuni hii humwelemea kidogo anayelipa mapema, na mkopo ukiwa mrefu inamwelemea zaidi, lakini ni afadhali kuliko kutorudishiwa kitu.

Kwake haikuwemo. Nilikisoma kifungu kile mara nne nikitafuta mlango.

Kwa hiyo nikampigia, nikamwambia la kwanza: usilipe. Kulipa 672,000 leo na kulipa 112,000 kwa miezi sita ni jumla ileile, ila ukilipa leo unawapa hela yako waitumie nusu mwaka bure. Kaa nayo. Nunua kitambaa, iweke akiba, lipa kila mwezi kwa tarehe yake kama ulivyokuwa ukilipa.

"Sawa," akasema. "Na la pili?"

La pili lilinichukua wiki mbili kulisema. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kama angechukua karatasi ya asilimia 18 na kumaliza mwezi wa sita, angekuwa ametoa 110,016 mara sita, pamoja na 626,783. Jumla 1,286,879. Kwa karatasi niliyomchagulia, marejesho yote 12 na ada, ni 1,380,000. Tofauti ni 93,121. Karibu rejesho zima la mwezi mmoja, na halina wa kulaumiwa zaidi yangu.

Nilifikiri kumwachia tu. Mkataba umeshasainiwa, kumwambia hakurudishi kitu, na nilijua nitajisikiaje. Pia kulikuwa na sauti inayosema: angemaliza mapema ungejuaje? Usingejua. Bila ile kazi ya sare, tofauti ingekuwa ndogo zaidi: 23,805 ya riba na 36,000 ya ada, basi. Nusu ya kosa ni langu na nusu ni ya bahati yake njema, nikajitetea hivyo siku kadhaa.

Mwishowe nikamwambia yote, na jedwali nikamtumia. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama jedwali lile anaweza kuliandika mwenyewe kwenye simu bila mimi. Tulikaa jioni mbili. Jioni ya kwanza alikuwa akitoza riba kwenye rejesho badala ya salio, jedwali likagoma kufika sifuri, akaja kuniuliza kwa nini. Ya pili akalimaliza peke yake.

## Juzi

Anataka cherehani ya tatu, ile ya kudarizi. Amepata mkopeshaji mpya anayetangaza asilimia 1.2 kwa mwezi, na safari hii hakuniletea karatasi. Alikwenda mwenyewe, akakaa mbele ya afisa mikopo, akauliza, "Asilimia 1.2 ya nini?"

Yule afisa akacheka kidogo, akasema ya mkopo, dada. Mdogo wangu akamwomba amchapishie jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, riba ikiwa kwenye safu yake peke yake. Afisa akasema jedwali hutolewa baada ya kusaini. Naye akasema basi atasubiri pale pale. Baada ya robo saa likachapishwa.

Nilikuwa kwenye foleni ya benki simu ilipotetemeka. Alikuwa amepiga picha ya jedwali, kidole chake kikiwa juu ya safu ya riba, mistari kumi na miwili, namba ileile kutoka juu hadi chini.

Chini ya picha alikuwa ameandika: "Kaka, haishuki. Ninatoka."